Siku Tatu za Ruhusa: Kumpeleka Mtoto Harusini Rasini Katikati ya Muhula

Kadi ya harusi huandikwa siku moja tu. Hutaja msikiti, swala itakayofuatiwa na nikaha, na nyumba watakayokaribishwa wageni. Mzazi aliyeko Mombasa huitazama kadi ile, akaona Ijumaa, naye akadhani kwamba mtoto atakosa shule Ijumaa hiyo moja. Kumbe kadi haikuandika barabara, wala bahari, wala usiku wa hina, wala bibi atakayeshika mkono wa mjukuu na kusema, "Mbona mwaondoka mapema hivi?" Ndivyo ruhusa iliyoombwa kwa siku moja inavyogeuka juma zima, na mwalimu wa darasa akabaki na daftari la mahudhurio lenye nafasi tupu asizoweza kuzieleza.

Tumeona vyema safari hii tulieleze jambo hili kwa hesabu ya familia moja tunayoifahamu, inayoishi Kisauni, ambayo asili ya mama ni Faza, mji ambao wenyeji wengi wangali wakiuita Rasini, katika kisiwa cha Pate. Mdogo wake mama, kitinda mimba wa nyumba yao, alikuwa anaolewa mwezi wa Septemba. Bwana harusi anafanya kazi katika nchi za Ghuba, na likizo aliyopewa na mwajiri wake haikujali ratiba ya shule za Kenya. Nyumbani kulikuwa na watoto wawili wanaosoma: binti wa Gredi ya 5 na kaka yake wa Gredi ya 9.

Kuna watakaouliza kwa nini harusi zisiwekwe likizoni tu. Wengi hufanya hivyo, na wakiweza ni vizuri. Lakini si kila sherehe yetu inaweza kungojea likizo. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko mwaka wa kawaida kwa takriban siku 11, kwa hiyo miezi yetu huzunguka ndani ya kalenda ya shule bila kutua. Mfunguo Mosi, mwezi ambao harusi nyingi hufungwa baada ya kupita Ramadhani, mwaka 2025 ulianza mwisho wa Machi, ukagusana na likizo ya Aprili. Kila mwaka unaofuata unazidi kurudi nyuma, ukaingia ndani ya muhula wa kwanza. Maulidi ya Amu nayo, yanayowakusanya watu Msikiti wa Riyadha mwishoni mwa Mfunguo Sita, hayaijui likizo. Basi familia yenye asili ya visiwani itakutana na suala hili mara kadhaa kabla watoto hawajamaliza shule.

Baba wa nyumba hii kwanza alikataa. Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa: muhula wa tatu ndio mfupi kuliko yote, una wiki zipatazo 9, na ndio muhula wa tathmini. Mama naye alikuwa na hoja moja tu, ila ilikuwa nzito. Bibi yake, aliyemlea tangu akinyonya, hawezi tena kupanda basi wala chombo. Binti alipopelekwa Rasini mara ya mwisho alikuwa na umri wa miaka 3, na sasa akimsikia bibi mkuu kwenye simu haelewi nusu ya anayoambiwa kwa Kitikuu cha kwao. Hapakuwa na uhakika kwamba ipo harusi nyingine ambayo bibi huyo angeihudhuria.

Walichoamua ni kutowapa watoto wote wawili jibu moja. Kijana wa Gredi ya 9 alibaki Mombasa kwa shangazi yake. Mwaka huo ndio wa mtihani wake wa KJSEA, ambao tarehe zake hupangwa na Baraza la Mitihani la Kitaifa na hazisogezwi kwa ajili ya mtu, na wiki za kabla yake hujaa kazi za mradi na mazoezi. Mtoto wa Gredi ya 6 naye, kwa sababu ya KPSEA, tungemweka katika fungu hilohilo. Kijana hakufurahi, na hakuna aliyemlazimisha afurahi. Aliahidiwa kwenda Desemba, na mama akaweka nauli yake kando siku ileile ili ahadi isibaki maneno.

Gredi ya 5 mambo ni tofauti, ingawa si mepesi kama wazazi wengi wanavyodhani. Darasa hilo halina mtihani wa taifa wa siku maalumu, lakini lina tathmini za shuleni. Kazi zake hutolewa na baraza hilohilo, shule hupewa muda wa kuzifanyisha, na alama hupelekwa barazani zikahifadhiwa kwa hesabu ya baadaye. Maana yake ni kwamba mzazi hana budi kumwuliza mwalimu swali moja kabla ya yote: je, katika siku hizi ninazozitaka, ipo tathmini yoyote? Kwa kuwa shule hupewa muda na si saa moja tu, mwalimu aliyeambiwa mapema aghalabu anaweza kumpangia mtoto siku nyingine ndani ya muda huo. Aliyeambiwa asubuhi ya safari hawezi. Mama huyu aliuliza wiki tatu kabla, akaambiwa kwamba tathmini ya vitendo ya Sayansi ilikuwa imepangwa Alhamisi ileile, na kwamba kikundi cha binti yake kingeweza kutangulizwa Jumatatu.

Sasa tuje kwenye hesabu ya siku, ambayo ndiyo moyo wa jambo hili.

Nikaha ilikuwa Ijumaa baada ya swala ya alasiri. Usiku wa Alhamisi ulikuwa wa hina, na Jumamosi ilikuwa siku ya wanawake, bibi harusi anapopambwa na kutolewa nje akaonekana. Kwa binti wa miaka 10, nikaha ya msikitini si yake hata kidogo. Sherehe yake ni usiku wa hina na ile Jumamosi. Kwa hiyo mama alijua kwamba kufika Ijumaa asubuhi ni kufika baada ya nusu ya harusi kwisha.

Kutoka Mombasa hadi Mokowe ni safari ya mchana kutwa. Basi hupitia Kilifi na Malindi, likavuka Mto Tana karibu na Garsen, likapita Witu, na ingawa barabara ya Garsen hadi Lamu sasa ina lami, vizuizi vya usalama vipo, abiria huteremshwa na vitambulisho hukaguliwa. Safari za usiku katika barabara ile zimepigwa marufuku mara kadhaa kwa sababu za usalama, kwa hiyo ile hila ya kutoka shuleni saa tisa na kusafiri usiku kucha isiingizwe katika hesabu. Basi la asubuhi hufika Mokowe alasiri. Hapo ndipo bahari inapoanza kusema.

Chombo kinachotoka Amu au Mokowe kwenda Rasini hupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa maji ulioko kati ya kisiwa cha Manda na bara. Mahali hapo maji ni haba, na kwa mazoea ya miaka mingi manahodha hungojea yajae, hasa wenye mashua za abiria zilizosheheni. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Katika mwambao wetu, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, wakati wa bamvua, maji hujaa karibu na saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri, na hukauka karibu na saa nne. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, huwa kinyume: kujaa huja kiasi cha saa nne au saa tano. Wazee wetu hawakuhitaji karatasi kuyajua haya. Waliutazama mwezi, wakasema chombo kitatoka saa ngapi.

Ijumaa ya nikaha ilikuwa mwezi 13. Mama alimpigia simu mjomba wake, nahodha aliyestaafu, akampa tarehe hiyo bila neno jingine. Mjomba akampigia hesabu. Jumatano ingekuwa mwezi 11, na maji yangejaa kiasi cha saa nane mchana. Basi la siku hiyo lingefika Mokowe baada ya maji kuanza kutoka, kwa hiyo wangelala Amu wapende wasipende. Alhamisi, mwezi 12, maji yangejaa karibu na saa tisa, na mashua ingetoka saa nane. Mwendo ni kama saa mbili kwa mashua ya abiria. Wangeingia Rasini alasiri, wakiwa na nafasi ya kuoga na kupumzika kabla ya usiku wa hina. Kama wangetoka Mombasa Alhamisi badala ya Jumatano, basi lingewafikisha Mokowe wakati uleule mashua inapoondoka au baada yake, na usiku wa hina ungewapita wakiwa Amu.

Kwa upande wa kwenda, basi, hapakuwa na siku ya kuokoa. Siku ya kuokoa ilikuwa katika kurudi. Jumapili ingekuwa mwezi 15, na maji yangejaa baada ya saa kumi, alfajiri na tena alasiri. Mtu akingojea maji ya alasiri, kama wageni wengi wapendavyo, atakula chakula cha mchana cha mwisho, atalala Amu, atapanda basi Jumatatu, na mtoto ataingia darasani Jumanne. Akiondoka na maji ya alfajiri, mara baada ya swala, Mkanda utampitisha kabla maji hayajakauka, atashuka Mokowe mapema, atapanda basi la asubuhi, na jioni atakuwa Mombasa. Mtoto atakuwa darasani Jumatatu. Tofauti ya shule kutwa nzima ilitegemea kuamka mapema Jumapili moja.

Hivyo ndivyo mama alivyopata siku zake: Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Siku tatu, si moja wala nne. Alikata tiketi za basi la kurudi kabla ya kuondoka Mombasa, na jambo hilo, kwa maoni yetu, lilikuwa na nguvu kuliko ahadi yoyote. Mtu mwenye tiketi mkononi ana la kumwonyesha bibi.

Baada ya kuzijua siku ndipo aliandika barua, na hapa tutasema kidogo juu ya desturi mbaya iliyozoeleka. Wazazi wengi huandika kwamba mtoto ni mgonjwa. Huona kwamba ugonjwa hauulizwi maswali, ilhali harusi itakataliwa. Mbali na kwamba ni uongo, na kwamba mtoto ndiye anayetumwa kuupeleka, uongo wenyewe hauna maisha. Binti hurudi shuleni na hina mpaka vifundoni, wenzake wakamzunguka wakitaka kuiona, na kabla ya kengele ya mapumziko mwalimu ameshajua kila kitu. Siku mtoto huyo atakapougua kweli, barua ya mama yake itasomwa kwa jicho la pembeni.

Tena yafaa wazazi wajue kwamba mwalimu mkuu haulizi kwa udadisi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka achunguze sababu ya mwanafunzi kutohudhuria, na asipoiona kuwa ya maana, amwandikie mzazi na kutoa taarifa kwa bodi ya elimu ya kaunti. Barua ya kweli yenye tarehe humpa jambo la kuweka katika faili. Na akisikia kwamba msichana anapelekwa kijijini harusini, asichukiwe akiuliza harusi ni ya nani. Nchini mwetu ndoa chini ya umri wa miaka 18 hairuhusiwi, na wako wasichana walioaga darasani kwa ajili ya sherehe wasionekane tena. Mwalimu asiyeuliza ndiye wa kutiliwa shaka.

Barua ya mama huyu tumeiona, na kwa idhini yake tunaitoa bila majina:

"Kwa Mwalimu Mkuu, kupitia kwa Mwalimu wa Darasa. Naomba ruhusa kwa binti yangu wa Gredi ya 5 asihudhurie shule Jumatano, Alhamisi na Ijumaa za wiki ya tatu ya mwezi huu. Mdogo wangu anaolewa Faza, nami nitasafiri naye mwenyewe. Tutarudi Jumapili jioni, na Jumatatu atakuwa darasani. Nimeelezwa kuhusu tathmini ya Sayansi, naye ataifanya Jumatatu kabla ya safari kama Mwalimu alivyopanga. Naomba nijulishwe atakachokosa katika Hisabati ili tukifanye nyumbani. Huenda atarudi na hina miguuni, mikononi hatapakwa. Nambari yangu ya simu na ya baba yake ziko hapa chini."

Barua hiyo haina maneno mengi ya kubembeleza. Ina siku, mahali, uhusiano, mtu atakayefuatana na mtoto, na siku ya kurudi. Mwalimu mkuu aliuliza maswali mawili, harusi ni ya nani na chombo cha kurudi ni cha saa ngapi, akatia sahihi. Mama alibaki na nakala. Wenye watoto katika shule za bweni watakuta mambo magumu zaidi, kwa kuwa huko mtoto hutolewa kwa cheti na kukabidhiwa mkononi mwa mzazi au mlezi anayetambuliwa, na shule nyingi hazitoi ruhusa kwa harusi ila ya jamaa wa karibu. Kumtuma mjomba asiyejulikana langoni ni kuwapotezea wote muda.

Hilo neno la hina halikuandikwa kwa mapambo. Shule nyingine hukataza hina mikononi, na rangi yake hudumu wiki moja hadi mbili au zaidi kidogo, kwa hiyo haiwezi kuoshwa Jumapili usiku. Ni afadhali kuuliza kabla kuliko mtoto kusimamishwa mstarini kwa jambo ambalo mama na mashangazi walimfanyia. Na tukiwa hapo, tuseme kwamba piko ya rangi nyeusi isipakwe mtoto kabisa, hata miguuni. Piko nyingi huchanganywa na dawa ya kutia nywele weusi, na dawa hiyo huweza kuichoma ngozi ikatoka malengelenge na kuacha alama. Ruhusa ya siku tatu haitoshi kuuguza hayo.

Kuna mlango mwingine ambao familia nyingi husahau kuubisha, nao ni wa chuoni. Binti huyu huenda madrasa kila siku jioni na Jumamosi asubuhi. Shule ilipewa barua wiki tatu kabla, na ustadhi angeachwa ajionee mwenyewe kwamba mwanafunzi hayupo, kana kwamba kwake hakuna daftari. Mama alimwendea. Ustadhi hakuwa na pingamizi, ila alisema juzuu anayoihifadhi isikatike, na akamtaka asome ukurasa mmoja kila asubuhi mbele ya bibi mkuu. Kati ya kazi zote alizobeba mtoto, hiyo pekee ndiyo iliyofanyika bila kukosa, kwa sababu mwenye kusikiliza alikuwapo na hakuwa na haraka ya kwenda popote.

Kazi za shule zilikuwa na hali nyingine. Gredi za 4 hadi 6 zina vipindi 35 kwa wiki, vya dakika 35 kila kimoja, kwa hiyo siku tatu ni vipindi 21. Mzazi akiitazama namba hiyo atashtuka, au atamfungia mtoto begi zima la vitabu. Mwalimu wa darasa alimshauri vinginevyo. Alisema kwamba nyumba ya harusi si mahali pa kusoma, na vitabu vitakavyokwenda vitarudi vimelowa maji ya chumvi. Kati ya vipindi hivyo 21, vitatu vya Hisabati ndivyo vya kuogopwa, kwa kuwa wiki hiyo darasa lilikuwa likijifunza kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, na asiyefuata hatua ya Jumatano haelewi ya Ijumaa. Masomo mengine yangeweza kusomwa kitabuni kwa utaratibu, au kunakiliwa kutoka kwa mwenzake. Basi mwalimu alimpa hatua ya kwanza Jumanne baada ya masomo, kwa robo saa, pamoja na mifano sita ya kwenda nayo. Mtoto alibeba daftari moja na penseli.

Ilikuwaje huko? Hatutasimulia harusi yote, kwani waliokuwapo wanaijua na wasiokuwapo wataihusudu. Tutataja mambo mawili tu yanayohusu mada yetu. La kwanza ni kwamba mifano sita haikufanyika Rasini. Ilifanyika Amu, asubuhi ya Alhamisi, walipokuwa wakingoja maji yajae. Zile saa za kungojea chombo, ambazo watu wazima huzilalamikia, ndizo saa pekee zilizokuwa na utulivu katika safari nzima, na mama aliyejua tangu mwanzo kwamba zitakuwapo aliweza kuzitumia.

La pili lilitokea Jumamosi usiku. Wageni wengine wa kutoka Mombasa, waliokuwa na watoto wanne wa shule kati yao, waliamua kubaki. Bibi harusi yuko fungate, chakula kipo, na bahari ni shwari, wakasema, siku moja itadhuru nini? Bibi mkuu naye alimwuliza mjukuu wake, "Nawe mwanangu, wanitoroka kabla ya jua?" Mama alimwonyesha tiketi, akambusu mkono, akamwambia kwamba mtoto ana neno lake kwa mwalimu. Bibi alinyamaza, kisha akaagiza mikate ya kumimina ifungwe usiku huohuo ili wasiondoke mikono mitupu. Alfajiri mtoto alibebwa akiwa nusu usingizini hadi gatini, akavishwa jaketi la kujiokolea, na mashua ikaondoka kungali giza.

Wale waliobaki waliondoka na maji ya alasiri ya Jumatatu, maana ya Jumapili waliyaacha yakapita wakiwa mezani. Jumatatu, mwezi 16, maji yalijaa kiasi cha saa kumi na moja kasoro, wakaingia Amu magharibi. Jumanne mabasi yalikuwa yamejaa wageni wa harusi, wakapata nafasi Jumatano, na watoto wao waliingia darasani Alhamisi. Waliondoka Mombasa kwa ruhusa ya siku tatu, wakakosa shule siku sita. Mmoja wao, tuliambiwa, aliandikiwa barua ya malaria.

Binti wa Kisauni aliingia darasani Jumatatu, macho mazito, miguu ikiwa na hina iliyofichwa na soksi. Mwalimu alimweka pembeni wakati wa mapumziko siku ile na iliyofuata, dakika 15 kila mara, wakamaliza hatua mbili za Hisabati zilizobaki. Sanaa Bunifu ilimletea tabu ambayo hakuna aliyeifikiria: kikundi chake kilikuwa kimetunga igizo Alhamisi bila yeye, na nafasi zote zilikuwa zimegawanywa. Mwalimu alimwambia atafute la kuongeza mwenyewe, asiwapokonye wenzake. Alifikiri siku mbili, kisha akaomba aongezewe mhusika mmoja, bibi kizee anayekaa mlangoni na kuwauliza wapitao kwa nini wanaondoka mapema, naye akayasema maneno yake kwa Kitikuu.